“Hata pole sikupewa”: pole husemwa lini, na kabla ya nini

“Mimi ni wa Nairobi, nimeolewa Tanga, tunakaa Makorora. Juzi mama mkwe alishuka kutoka Lushoto, akafika jioni. Nilimwamkia shikamoo, nikampokea mkoba, nikamuuliza habari za Lushoto, nikampa chai. Kesho yake wifi akaniambia mama amenung’unika: ‘Hata pole sikupewa.’ Pole ya nini, na mimi sikumkosea? Tangu hapo najaribu kumpa kila mtu pole na nazidi kuharibu. Mume wangu akirudi nikimwambia pole na kazi, anasema kazi si msiba. Jirani alitoka harusini, nikamwambia pole na harusi, akanicheka. Pole inasemwa lini, kwa nani, kabla ya shikamoo au baada yake?”

Dada yangu, shikamoo yako ilipokewa na chai yako ilinywewa. Kilichokosekana ni kipande kidogo kinachokaa baina ya hivyo viwili, na huku kwetu kipande hicho kina mahali pake maalumu. Nianze na hilo la “sikumkosea”, maana humo ndimo ulimokwama.

Nairobi pole hutumika pia kuomba radhi. Mtu akikukanyaga kwenye matatu anasema “pole”, nawe unajua amekiri kosa. Tanga mwenye kosa haanzi na pole. Akikukanyaga anasema “samahani” au “niwie radhi”, na pole ikija inakuja baadaye, akishaona umeumia. Akisema pole peke yake ataonekana kama mpita njia tu, mtu aliyekuta ajali isiyomhusu. Pole ya huku ni ya asiye na kosa. Mama akijikwaa kwenye kizingiti cha duka, watu watatu wasiomjua watamwambia “pole, mama”, na hakuna hata mmoja aliyemsukuma. Kwa hiyo mama mkwe wako hakutaka umwombe radhi. Alitaka umwambie kwamba umeiona safari yake.

Sasa utauliza: si nilimuuliza habari? Ndiyo, na hapa pana jambo ambalo sisi tuliolelewa nalo hatulifikirii kabisa, ila mgeni lazima aelezwe. Salamu zetu karibu zote zina majibu yaliyopangwa. “Habari za safari?” “Nzuri.” “Hujambo?” “Sijambo.” “Za nyumbani?” “Salama.” Mtu anajibu nzuri hata kama basi lilimlaza njiani, kisha ndipo anapoongeza “ila” au “lakini”, akieleza kwa sauti ya chini yale yaliyomkuta. Kuanza na ubaya ni kuvunja salamu. Basi mtu aliyechoka ukimuuliza habari kabla ya kitu kingine chochote, unamlazimisha aseme nzuri na ameze uchovu wake. Hana pa kuutoa. Akisema mwenyewe “mwanangu, nimechoka, miguu imevimba”, hapo mlangoni, kwa mke wa mwanawe, ataonekana anadeka. Mtu mzima mwenye heshima zake hafanyi hivyo.

Pole ndiyo inayomtoa hapo. Haiulizi kitu, kwa hiyo haimdai jibu la kujikaza. Wewe ndiye unayesema kwamba alikotoka ni mbali na njia ni ngumu, yeye anaitika tu. Unamwondolea kazi ya kulalamika. Ndiyo maana inatangulia habari: ikija baada ya habari, mama ameshasema “nzuri”, na pole yako inakuwa kama unambishia.

Hebu itazame safari yenyewe. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 30 na kitu za kona tupu, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na mtu mzima anashuka hapo akiwa ameng’ang’ania kiti cha mbele yake. Mombo baridi ya mlimani imeisha na joto la nyikani limeanza, naye bado amevaa sweta la asubuhi. Halafu Korogwe, halafu Segera ambako magari ya Tanga yanaachana na ya Dar es Salaam, halafu kilomita 70 hivi kupitia Muheza mpaka stendi ya Kange. Kange haiko Makorora. Pale ameteremsha mzigo wake, na mtu wa Lushoto haji mikono mitupu, kuna viazi, karoti na kabichi kwenye kiroba, akatafuta bajaji, akapatana bei, akaja. Kisha anafika, na swali la kwanza ni “Habari za Lushoto?” Wewe ulikusudia upendo kwa watu wa kule. Yeye alisikia kwamba aliobaki nyumbani wanaulizwa kabla yake yeye aliyesimama mlangoni na kiroba.

Mapokezi yake yangekwenda hivi. Fuata tu mazungumzo.

“Hodi!”

“Karibu, mama, karibu! Lete mkoba.”

(Unatoka nje ya kizingiti. Unaupokea mzigo kwanza, usimwamkie huku ameubeba.)

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Pole na safari, mama.”

“Ahsante, nishapoa. Nanyi poleni na kutungoja.”

“Ahsante, mama. Karibu ndani, ukae.”

(Anakaa. Maji ya kunywa yanakuja, na kama jua lilikuwa kali, maji ya kunawa uso na miguu.)

“Habari za Lushoto?”

“Njema.”

“Hawajambo wote?”

“Hawajambo, wanakusalimu sana.”

Swali lako la kabla au baada linajibika humo. Kwa mtu anayestahiki shikamoo, shikamoo inatangulia, kwa kuwa ndiyo inayotambua umri wake, na umri hauachi kuwepo kwa sababu amechoka. Pole inafuata papo hapo, mara tu baada ya marahaba, kabla hujauliza chochote. Kwa rika lako au mdogo wako, pole inaweza kuwa ya kwanza kabisa, na mara nyingi ndiyo salamu nzima. Mahali pamoja tu pole hutangulia hata mbele ya shikamoo, nako ni msibani. Unapoingia matangani unashika mkono wa mfiwa na kusema “pole, mama”, au “poleni na msiba”, na wazee wengi wa hapa bado wanasema “makiwa”. Shikamoo ikija ni baadaye, na ikisahaulika hakuna atakayeihesabu siku hiyo. “Habari za asubuhi” ndiyo usiyoileta pale, kwa sababu jibu lake unalijua, na huyo mtu hana nguvu za kulitamka.

Katika mazungumzo yale kuna vitu vitatu nataka uvitazame kwa karibu.

Cha kwanza ni jina unalomwita. “Pole na safari” kavu, bila “mama” mwishoni, kwa mkwe ni pole ya utingo wa basi. Ukimwita unamgeukia. Kama amekuja na mwenzake au na mjukuu, sema “poleni na safari”, ukiwatazama wote, kisha “pole, mama” yake peke yake. Watu husahau watoto waliofuatana na wazee, na mtoto wa miaka saba aliyetapika kona za Lushoto anastahiki pole yake kwa jina lake.

Cha pili ni ile “nishapoa”. Hilo ni jibu lililokamilika. Halimaanishi kwamba miguu haimuumi tena. Linamaanisha kwamba pole yako imefika na jambo limefungwa, sasa tuendelee na salamu. Akisema hivyo usiendelee kumbana kwa “hapana, mama, umechoka sana, lala kwanza”. Mwache. Akitaka kuisimulia safari ataisimulia akishakunywa maji, nawe ndipo utakapouliza “gari lilikuwaje leo?” na kusikia ya Segera yote. Vivyo hivyo wewe ukipewa pole usiikatae. Nimeona wageni wakijibu “aa, sikuchoka mimi”, wakidhani ni unyenyekevu. Aliyetoa anabaki ameishika mkononi. Sema “ahsante, nishapoa” hata kama ulikuwa umelala mchana kutwa.

Cha tatu ni kwamba alikurudishia. “Nanyi poleni na kutungoja.” Pole nyingi za heshima haziendi upande mmoja. Anayefika anajua kwamba kumngoja mgeni, kupika na kutandika nako ni kazi. Ukiipokea pole yake vizuri, kwa “ahsante, mama”, mmekuwa sawa. Mwanamke aliyenung’unika kwa kukosa pole, jua kwamba naye alikuja na ya kukupa, na hakupata mlango wa kuitolea.

Kuna kosa jingine ambalo linamponza mtu mwenye nia njema, nalo ni kuitaja sura badala ya safari. “Pole, mama, umechoka!” Huku kumwambia mtu amechoka kunaweza kusikika vibaya, kwamba amechakaa, mambo hayamwendei, maisha yamemshinda. Na “pole, umekonda” ni mbaya zaidi, kwa sababu unamwambia mbele za watu kwamba ana maradhi au ana dhiki. Taja sababu, uso wake uuache. Safari, kazi, jua, mvua, foleni, kuuguza: hivyo vimemjia kutoka nje, na kuvitaja hakumwaibishi. Ndiyo maana muundo wenyewe unadai kitu baada ya “na”. Pole na safari. Pole na jua. Pole na kazi. Kwa tukio lililompata tunapendelea “kwa”: pole kwa kufiwa, pole kwa kuuguliwa, pole kwa yaliyokukuta. Mipaka ya “na” na “kwa” si ya chuma, utasikia “pole na msiba” na “pole kwa msiba” nyumba moja, usihangaike nayo.

Tuje kwa mume wako. Hajabuni yeye hilo la kazi si msiba. Wapo watu wengi sasa, wengine wameambiwa hivyo makanisani na kwenye semina, wanaosema kazi ni baraka, kwa hiyo mtu apewe hongera, asipewe pole. Nawaelewa wanachokitaka, na anayependa kuambiwa “hongera na kazi” aambiwe hivyo. Lakini wamekosea kuhusu pole yenyewe. Anayempa mvuvi pole na kazi pale Deep Sea hasemi kwamba uvuvi ni balaa. Anasema ameona kwamba mtu huyu alikesha baharini akivuta nyavu. Kazi inaweza kuwa njema na mgongo ukauma, vyote kwa siku ileile, na pole ni ya mgongo. Katika mwezi wa Ramadhani kuna mvutano wa namna hiyohiyo: wengine wanaitikia “pole na swaumu” bila shida, wengine wanaona ibada haipewi pole, wanapendelea “swaumu njema”. Mimi mtu nisiyemjua namwambia swaumu njema, nikisikia yeye mwenyewe anatumia pole na swaumu namfuata.

Kwa mumeo usibishane. Salamu haina faida ikimwudhi anayepewa. Jaribu “Karibu, baba fulani, za kutwa?” kisha mpe maji. Ila chunguza kitu kimoja: je, anakataa pole, au anaikataa kwa namna inavyomfikia? Pole na kazi inayotolewa macho yakiwa kwenye simu, kila siku saa ileile, inageuka kelele. Na iko nyingine inayochukiza wanaume wengi bila wao kujua kwa nini: “Pole na kazi, umeleta unga?” kwa pumzi moja. Hapo pole imetumwa ifungue mlango wa unga, naye ameliona hilo kabla hajavua viatu. Ukiitoa, ngoja ajibu. Hata kama ni “ahsante” tu. Unga utaulizwa akishakaa.

Kungoja jibu ndiyo kanuni inayopitiliza nyumba na kutoka barabarani, na ni vizuri uijue kwa sababu Tanga utaishi nayo. Ukimkuta fundi seremala anapiga randa, huanzi na “mlango wangu tayari?” Unaanza na “pole na kazi, fundi”. Anainua kichwa, anasema “ahsante, nishapoa, karibu”. Sasa ndipo mlango. Kwa muuguzi aliyesimama tangu asubuhi ni hivyo, kwa mama anayekaanga mihogo juani ni hivyo. Na kwa mtu usiyekuwa na shida naye, aliyeinama shambani au anayepandisha ndoo ya maji, “pole na kazi” inatosha kuwa salamu yote. Anaitika “ahsante”, wewe unapita. Hakuna habari, hakuna nzuri. Usimsimamishe mwenye ndoo kichwani umuulize habari za watoto. Kumpa pole na kupita ndiyo adabu.

Jirani yako sasa. Alikucheka kwa wema, maana “pole na harusi” inasikika kama umemwambia pole kwa kuolewa. Harusi yenyewe ni ya hongera. Lakini usidhani pole haina nafasi harusini, ina nafasi kubwa, ila inaitwa kwa jina jingine: “pole na shughuli”. Nayo haipewi kila aliyehudhuria. Mtazame anavyorudi. Kama amerudi na gauni lake la shughuli, udi unanukia na hina ingali mbichi, huyo alikwenda kula na kucheza, muulize “za harusini?” naye atakusimulia. Kama amerudi na kanga mbili kuukuu, macho mekundu kwa moshi, mikono ina harufu ya vitunguu na anaburura sufuria ya watu, huyo alikesha jikoni akipika pilau. “Pole na shughuli, jirani.” Utaona atakavyoweka sufuria chini ajibu. Na mama wa bibi harusi anapewa vyote viwili, “hongera, na pole na shughuli”, kwa sababu furaha ni yake na kukimbizana na watu wa viti, maturubai na nyama nako kulikuwa kwake. Mzazi aliyejifungua naye ni hivyohivyo, “hongera na pole” kwa pumzi moja, na hakuna anayeona kwamba maneno hayo yanapingana.

Ukitaka kipimo kimoja cha kujua kama pole inafaa, jiulize kama kuna mwili uliotumika au moyo ulioumia, na kama wewe una haki ya kujua. Hilo la haki ya kujua ni zito. Mtu aliyefukuzwa kazi na hajamwambia yeyote, mwanamke aliyeharibikiwa na mimba na ni wawili tu wanaojua, anayekwenda hospitali kimyakimya: hawa usiwape pole kwa jambo lile hata kama umelisikia. Ukiwapa, unawaambia kwamba habari zao zimefika mpaka kwako, na badala ya kumwondolea mzigo umemwongezea hofu ya nani amesema. Mwamkie kawaida, kaa naye, mpe nafasi. Akilitaja mwenyewe, hapo hapo sema pole, na iwe ndefu.

Pole zina umri pia, na umri wake haulingani. Ya safari ni fupi mno. Inatolewa mlangoni, na ikikosekana pale, ndani ya saa moja imeshapita. Asubuhi yake huwezi kusema “pole na safari” kama kitu kipya; unasema “umeamkaje, mama? Uchovu umepungua?” Ya kazi inakwisha mtu akishaoga na kula. Ya ugonjwa inadumu ugonjwa ukiwepo, na kila ukienda kumtazama unaitoa upya, “ugua pole”, bila kuogopa kurudia. Ya msiba haifi mpaka mkutane. Mtu aliyefiwa mwezi wa tatu nawe ukamwona mwezi wa kumi, ukianza na stori nyingine, atakwambia mambo ya kawaida na ataondoka akijua kwamba hukumpa pole. Simu uliyompigia wakati ule inahesabiwa, na ujumbe pia unahesabiwa kidogo, lakini mkutano wa kwanza wa ana kwa ana unaidai tena: “Pole, shangazi, sikupata kuja.” Dakika moja tu, kisha mnaendelea.

Kwa sababu hiyo, pole ya safari ile ya Lushoto huwezi kuirudisha nyuma. Unachoweza ni kumwomba radhi kwa kutompa, na hapo ndipo “samahani” yako inapofaa kwa mara ya kwanza katika habari hii. Usimtume wifi. Neno likipita kwa mtu wa tatu mama atajua kwamba mmemjadili, na wifi atakuwa ameonekana mpeleka maneno. Nenda mwenyewe, mkiwa peke yenu, akiwa anachambua mchele au mmekaa barazani, useme kwa kifupi: “Mama, siku ile umefika kutoka safari ndefu nami sikukupa pole yako. Kwetu hatuna mazoea hayo, si kwamba sikukujali. Niwie radhi.” Usieleze ya Nairobi zaidi ya sentensi moja, maana maelezo marefu yanageuka kujitetea. Nadhani atacheka akuambie yamekwisha, na safari nyingine akija utampokea nje ya kizingiti.

Kama ameshaondoka, usimwandikie hayo kwenye simu. Mpigie jioni ya siku aliyofika Lushoto au siku yoyote anapotoka mahali, umwambie “pole na safari, mama, umefika salama?” Hiyo ni pole mpya na ya haki, haihitaji kutaja ile iliyopita, na kwa wengi inatosha kabisa.

Lakini sikia na jambo hili. Wakati mwingine mtu anasema “hata pole sikupewa” kwa sababu pole ndiyo kitu kidogo anachoweza kukitaja, na liko kubwa nyuma yake: labda alitaka mwanawe aje kumpokea Kange, labda mahari au arusi ilibakisha neno, labda anaona mmekaa mjini hamrudi mlimani. Utalijua hivi: utampa pole vizuri mara mbili tatu, naye ataitika “ahsante” bila “nishapoa”, bila kukurudishia yako, macho pembeni. Ukiona hivyo usiendelee kutafuta kosa kwenye salamu. Hilo ni la kuongea kwa mdomo na mtu mzima wa nyumba hiyo, na mimi nikiwa mbali siwezi kukusaidia. Nenda kwa somo yako kama uliwekewa, au kwa shangazi wa mumeo anayeheshimiwa na pande zote, ufike kwake mchana akiwa hana wageni, mpe pole na kazi za nyumbani, ungoje aitike, kisha muulize waziwazi mama ana nini moyoni.